Kahawa Ilivyorukaruka Kiangazi Kile

Macho yangu yalianza kujifunga kutoka pembeni, kama mtu anayesukuma mapazia ya dirisha taratibu ili asimwamshe aliyelala. Mwanzoni sikujua. Nilijigonga kwenye mlango, nikalaumu mlango. Nilipopelekwa kwa daktari wa macho, aliniambia ni presha ya macho, kwamba kilichokwisha kupotea hakitarudi, na dawa ya matone ni ya kulinda kilichobaki. Mke wangu alikuwa kando yangu. Tulirudi nyumbani Garissa, na tulipofika aliingia jikoni moja kwa moja.

Nilikuwa nimestaafu kazi ya mifugo. Maisha yangu yote ya kazi niliyamaliza kwenye mazizi na visima, Ijara, Hulugho, Modogashe, nikichanja ng'ombe na mbuzi wa watu. Huko ndiko nilikozoea kahawa. Watu wetu ni wa chai ya maziwa, na mke wangu hadi leo husema kahawa yangu inanuka kama nguo iliyoungua kwa pasi. Lakini mimi, nikishaswali alfajiri, sijioni mzima mpaka nisage kahawa yangu mwenyewe na kuichemsha kwa tangawizi. Kazi hiyo sikumwachia mtu.

Binti yetu mkubwa, ambaye hufanya kazi kwenye mkahawa mmoja Nairobi, alikuwa ameniletea mashine ndogo ya umeme ya kusagia, yenye kikombe cha plastiki cha kupokelea unga. Aliileta wakati wa mvua za vuli, barabara zimejaa tope na hewa nzito. Ilifanya kazi vizuri. Nilimimina buni zilizokaangwa juu, nikabonyeza, unga ukashuka kikombeni, basi.

Kisha mvua zikakatika, na Jilaal ikaingia, kile kiangazi chetu ambacho hukausha hadi midomo ya mbuzi. Ni katika majuma yaleyale ndipo daktari aliponipima tena akasema macho yamefifia zaidi.

Asubuhi moja nilimsikia mke wangu akipangusa meza ya jikoni baada yangu. Hakusema kitu. Kesho yake nikamsikia tena: kitambaa, halafu brashi, halafu kitambaa. Nikapitisha kiganja juu ya meza kabla hajafika, nikakuta chembechembe zimetapakaa kila mahali, hata ukutani nyuma ya mashine, na maganda membamba ya buni yaliyokuwa mepesi kama pamba. Nje ya kikombe kulikuwa na unga umegandamana kama manyoya. Niliufuta kwa kidole, ukahamia kidoleni. Nikapangusa kidole kwenye kanzu, ukabaki kwenye kanzu.

Nikajiambia: huoni unapomimina. Unamwaga.

Nikaanza kujilinda. Nilikishika kikombe kwa mikono miwili, nikakivuta polepole, nikainamisha kichwa mpaka pua ikakaribia kugusa plastiki, nikitafuta kwa ule upenyo mdogo wa kuona niliobakiwa nao. Kadiri nilivyosogea ndivyo nilivyotoka jikoni na kahawa kwenye ndevu.

"Baba watoto," mke wangu alisema siku moja, kwa ile sauti laini ambayo nilikuwa nimeanza kuiogopa, "niachie mimi nisage. Wewe kaa, nitakuletea."

"Mimi si mgonjwa."

"Nani amesema wewe ni mgonjwa?"

"Kitambaa chako kinasema kila asubuhi."

Nilisikia maji yakifunguliwa, kitambaa kikikamuliwa kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Lililonivunja moyo lilitokea msikitini. Tulikuwa tumemaliza swala ya adhuhuri, na mtu niliyefahamiana naye tangu tulipokuwa vijana alinishika mkono kunisalimia. Halafu akaanza kunipangusa mkono wa kanzu, taratibu, kama mama anavyompangusa mtoto aliyetoka kula.

"Walaal, ndugu yangu, umemwagikiwa na kitu," alisema. "Hii ni kahawa? Nyumbani hawakuangalii?"

Hakuwa na nia mbaya. Ndiyo maana iliuma zaidi. Alipangusa na kupangusa, na kahawa haikutoka, na mimi nikasimama pale nimenyoosha mkono. Nilirudi nyumbani, nikaichomoa mashine ukutani, nikamwambia mke wangu aipeleke stoo. Nikasema sitaki kahawa tena.

"Hata nikikusagia mimi?"

"Hata ukinisagia wewe."

Siku zilizofuata nilikaa barazani kutoka alfajiri mpaka jua linapopanda, nikiwa na chai ambayo sikuimaliza. Kichwa kiliuma kwa kukosa kahawa. Kilichoniuma zaidi ni hesabu niliyokuwa naifanya moyoni: leo kahawa, kesho chai, keshokutwa nitashindwa kujimiminia maji ya udhu. Niliona mlango mmoja baada ya mwingine ukifungwa, na nyuma ya kila mlango mke wangu ameshika kitambaa.

Kisha asubuhi moja nikasikia mashine ikinguruma jikoni. Mke wangu alikuwa ameitoa stoo bila kuniuliza. Nilikasirika, nikataka kuinuka. Mashine ikanyamaza. Kisha nikamsikia:

"Wallahi! Hii ni nini sasa?"

Nikapapasa ukuta mpaka jikoni. "Nini?"

"Inaruka. Sijaigusa, inaruka yenyewe! Nimevuta kikombe na unga umepanda juu, umenishika mkononi, tazama..." Akakatiza, kwa sababu neno hilo, tazama, alikuwa ameacha kuniambia. Akauchukua mkono wangu akausogeza karibu na kikombe, bila kukigusa. Nilihisi malaika ya mkono yakisimama. Nilipogusa ukingo wa plastiki, kitu kikanichoma kidogo ncha ya kidole, tch, kama mwiba.

"Na meza?" niliuliza.

"Meza imejaa."

"Kama yangu?"

"Kama yako. Labda kuzidi." Halafu, kwa sauti ya chini: "Na mimi naona vizuri."

Yeye ndiye aliyempigia binti yetu simu, akaweka sauti kubwa ili nisikie. Alieleza kila kitu kwa haraka, kama mtu anayeshtaki. Binti yetu akauliza swali moja tu.

"Hooyo, mama, huko kumekauka?"

"Hii ni Jilaal, mwanangu. Hata ngozi yangu inapasuka."

"Basi ni hiyo. Ukivua buibui lako jioni si linalia tatata na kukushika mwilini? Ni kitu kilekile. Buni zikisagwa zinasuguana na kuvunjikavunjika, unga unatoka na umeme. Chembe zenye umeme zinasukumana, zinarukia plastiki, ukuta, nguo, popote. Wakati wa mvua hewa ina unyevu, umeme unapotea wenyewe. Hewa ikikauka hauna pa kwenda."

"Na dawa yake?" niliuliza.

"Aabo! Baba, uko hapo? Dawa ni maji. Kidogo sana. Pima buni zako kwenye bakuli kabla hujazitia kwenye mashine, zipulizie maji mara moja tu, uzitikise, ndipo usage. Sisi hapa kazini tunafanya hivyo. Ule unyevu kidogo juu ya buni unazuia umeme usijikusanye zinapovunjika. Lakini maji yasiingie kwenye mashine, na buni zisilowe."

Mke wangu alileta chupa ya kupulizia anayoitumia kunyunyizia nguo akipiga pasi. Mimi, kwa kiburi cha mtu aliyerudishiwa cheo, nikapuliza na kupuliza mpaka buni zikateleza mkononi. Mashine ikalia vibaya, unga ukatoka mabongemabonge na mwingine ukakwama ndani. Ilibidi mke wangu aifungue, apige brashi meno ya kusagia na kuyakausha vizuri yasije yakashika kutu. Hakulalamika. Mara ya pili nilibonyeza chupa mara moja, nikasikia pssh moja, nikatikisa bakuli kwa kiganja mpaka buni zikaacha kushikana. Nikasaga. Safari hii niliusikia unga ukianguka, mzito, ukitua chini ya kikombe. Nikagonga kikombe juu ya sufuria, ukashuka wote. Nikapitisha kiganja mezani, nikakuta chembe chache tu.

Niliketi chini nikalia, na sikujali kwamba mke wangu ananiona.

Ningependa kusema mambo yaliishia hapo. Lakini furaha ile ilinipanda kichwani. Nilianza kujiuliza: kama kahawa haikuwa macho yangu, nini kingine si macho yangu? Chupa ya chai niliyoigonga ikavunjika, je? Na mjukuu wangu niliyemkanyaga akicheza sakafuni? Labda hata daktari alipima vibaya. Labda watu wote walikubaliana kuniona kipofu kabla ya wakati, na mimi nikawaamini. Sikumwambia mke wangu mawazo hayo. Siku moja, yeye akiwa kwa jirani, nilitoka peke yangu kwenda sokoni, njia niliyoipita maisha yangu yote.

Bodaboda nilizisikia, nikazikwepa. Mkokoteni wa punda nao nilisikia magurudumu yake, nikakaa pembeni. Nilikuwa nikitembea kifua mbele. Mtaro uliochimbwa kando ya barabara haukuwa na sauti. Niliingia mzima mzima, goti likachanika, kifundo cha mkono kikavimba. Watu walinitoa. Mtu akauliza, "Mzee huyu ni wa nani?"

Jioni mke wangu alinifunga goti. Alikaza bandeji kwa hasira.

"Kahawa ni kahawa," alisema, "na macho ni macho. Usiyachanganye."

"Ninyi ndio mlioyachanganya kwanza."

Mikono yake ikasimama. "Kweli," alisema. "Nilikuona umechafuka nikasema ni macho. Sikuuliza. Nilikuwa naogopa, nikaona kila kitu ni kile ninachokiogopa."

"Na mimi pia."

Alimaliza kufunga. Nikamwambia kwamba sitaki tena kupanguswa kimyakimya. Kama kitu ni changu aniambie ni changu, na kama ni cha upepo au cha mashine aniambie pia. Nisipojua mpaka wa upofu wangu, nitautia kila mahali au nitaukana kabisa, na yote mawili yameshaniangusha. Hakujibu usiku ule.

Sasa matone nayatia kwa saa zake, na naenda sokoni nikiwa nimeshika bega lake au la mmoja wa watoto. Pazia halijaacha kusogea. Kuna siku sura yake naipata vipande vipande, jicho, kisha pua, na kuna siku siipati. Kahawa nasaga mwenyewe. Juzi nilipokuwa namimina kahawa kikombeni, alinijia kutoka nyuma, akauchukua mkono wangu na kuuweka mezani, juu ya kitu chenye joto na majimaji.

"Hii ni yako," alisema, akaniwekea kitambaa kiganjani, akarudi kwenye unga wake wa mkate wa anjera.