Bega Lililoamini Uongo

Miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuingia Bariadi, mimi na binamu yangu, mtoto wa mjomba, tulikuwa makuli kwenye jinari, kiwanda cha kuchambua pamba. Zamani pamba yote ilinunuliwa na chama cha ushirika. Sasa kila msimu uliingia na kampuni mpya na malori mapya, na tajiri mpya aliyetaka watu wenye nguvu. Nguvu tulikuwa nazo. Jioni tulinyanyua vyuma nyuma ya gereji moja, vyuma vya kujitengenezea: ekseli ya gari, gia chakavu, madebe ya rangi yaliyojazwa zege. Pale nilikuwa namzidi kila mtu, yeye akiwemo. Hakuwahi kuonyesha kwamba inamuuma. Ndiye aliyesimama nyuma yangu kila niliponyanyua, tayari kudaka.

Siku niliyoumia tulikuwa tumeshinda tunapakia magunia, na mikono ilikuwa imechoka. Nilisukuma ekseli juu ya kichwa kama siku zote. Ilipokaribia kunyooka, kitu kikavuta ndani ya bega la kulia, kama uzi unaokwama kwenye sindano, na mkono ukaachia. Chuma kilianguka mgongoni kwangu kabla binamu hajakidaka. Nakumbuka vumbi, na sauti yangu ambayo sikuitambua.

Hospitali walinipiga picha, wakanichoma sindano, nikawa nusu macho, nusu usingizini. Bwana mganga alizungumza na binamu mlangoni. Nilisikia sauti tu, maneno hayakunifikia. Tulipotoka binamu alinishika mkono mzima na kunieleza pole pole, kama mtu anayeleta habari za msiba.

"Mfupa hauna kitu," alisema. "Ila mshipa umekatika nusu. Ukiinua mkono juu ya kichwa tena, unakatika kabisa. Hapo hata jembe hutashika."

Nilimwamini. Ningeachaje kumwamini? Tulilelewa na mama yangu baada ya mama yake kufariki, tukala sahani moja.

Basi nikaufunga mkono shingoni kwa kipande cha kanga. Wiki zikapita, maumivu yakapungua, lakini kitambaa sikukifungua. Nililala chali ili nisiligeukie bega. Nilivaa mashati ya vifungo tu, maana fulana ilinilazimu kuinua kiwiko. Mama aliponiomba nimshushie chungu darini, nilimwita jirani. Mtu akinipita kwa nguvu sokoni, jasho lilinitoka. Binamu alikuja kila Jumapili na ndizi au sukari. Kila mara aliuliza, "Hujauinua, eti?" Nikimjibu bado, aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Mimi niliona upendo.

Msimu uliofuata kampuni iliyochukua jinari ilitafuta nyapara wa makuli, mtu wa kudumu, si kibarua. Makuli wenzangu waliniambia jina langu ndilo lililotajwa kwanza. Binamu akamwambia meneja kuwa mimi ni kilema sasa, akaipata kazi yeye. Hilo nalo halikuniuma sana. Niliona amesema kweli.

Mama ndiye aliyechoka. Aliutazama mkono wangu uliokwisha kusinyaa kuliko wa pili, akasema kwa Kisukuma kwamba hakuzaa mtoto wa kubebwa, akanipeleka tena hospitali. Bwana mganga alikuwa yule yule. Alinikumbuka mara moja.

"Mnyanyua vyuma! Ulipotelea wapi? Nilimwambia ndugu yako akurudishe baada ya wiki mbili tuanze mazoezi."

"Aliniambia mshipa umekatika."

"Umekatika?" Alilibonyeza bega, akauzungusha mkono wangu kadiri nilivyomruhusu. "Ulivutika, na ulishapona zamani. Huku kukakamaa kumetokana na kuufunga. Nilimwambia ndugu yako asikuache uufunge muda mrefu."

Mama alikaa kwenye benchi, akajifunika mdomo kwa upindo wa kanga.

Nilidhani kwa kuujua ukweli nitaamka na mkono mzima. Nilirudi nyumbani na hasira ya kuvunja ukuta, nikasimama chini ya kamba ya nguo, nikajiambia inua. Mkono ulifika usawa wa kifua ukagoma. Nikawa naisikia ekseli mgongoni. Mimi nilikwisha kujua kwamba ni uongo, lakini bega langu bado liliuamini.

Pale hospitali palikuwa na mama mmoja mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Hakunicheka. Aliniuliza ninaogopa nini zaidi na nini kidogo, tukapanga kuanzia kidogo: kuanika shati, kuweka ndoo juu ya ukuta, kusukuma ukuta, kisha ndoo yenye maji kidogo, mwisho kabisa chuma juu ya kichwa. Kabla ya kila jambo aliniuliza, "Unadhani kitatokea nini?"

"Mshipa utakatika."

"Haya, anika shati tuone."

Nikaanika. Bega likavuta, likauma, mshipa haukukatika.

"Kimetokea nini?"

"Limeuma."

"Kuuma si kuharibika, baba. Hilo bega limelala muda mrefu, lazima lilalamike. Maumivu madogo yavumilie. Yakitulia kufikia kesho asubuhi, endelea. Yakizidi na kubaki, rudi nyuma hatua moja, lakini usiache."

Kuna asubuhi nilizoamka na maumivu nikakitafuta kitambaa. Siku moja nilizidisha maji kwenye ndoo kwa hasira, bega likawaka moto, nikakaa kitandani nikiamini binamu alisema kweli. Yule mama alinirudisha kwenye ndoo tupu, bila kunigombeza. Nilipoirudia ile yenye maji, ilikuwa nyepesi.

Kabla sijarudi gereji nilimfuata binamu jinari. Alikuwa kivulini, filimbi shingoni, akiwaelekeza makuli.

"Daktari alikwambia nini siku ile?" nikamuuliza.

Alinitazama mkono, ukiwa huru ubavuni. "Nilikuwa nakuhurumia. Ungerudi kwenye vyuma ungeumia tena."

"Daktari alikwambia nini?"

Alipuliza filimbi, lori moja likaondoka. "Kila mahali ulikuwa wa kwanza wewe," alisema. "Nyumbani, hapa, kwenye vyuma. Nilitaka mara moja tu usiwepo."

Nilikuwa nimejiandaa kumpiga. Nikaona nikiinua mkono kwa ajili hiyo, nitakuwa nimempa kitu kingine changu. Niliondoka.

Gereji nilianza na ekseli tupu, isiyo na gia hata moja. Fundi wa magari alisimama nyuma yangu, na nilimfundisha kudaka. Mara ya kwanza ilipopita usawa wa macho niliendelea kusukuma. Ikanyooka. Tukaongeza gia ndogo, tukakaa nayo mpaka nikaizoea na kuichoka, ndipo tukaongeza nyingine. Uzito wangu wa zamani sikuwahi kuufikia. Niliweza kupakia magunia tena, kwenye mashine ya mpunga huko Nassa, nikahamia huko.

Mjomba, baba yake binamu, alipofariki nilirudi. Tulibeba jeneza, na waliotupanga hawakujua lolote, wakaniweka mbele ya binamu, jeneza likiwa kwenye bega langu la kulia. Njia ya makaburini ina kilima. Katikati ya kilima nilisikia pumzi yake karibu na sikio.

"Niachie mimi huo upande," alinong'ona. "Utaumia."

Nililisogeza bega ndani zaidi chini ya jeneza, nikapanda.