Doti na Kipande

Nilimlaza mwanangu juu ya meza ya karani mkuu, juu ya karatasi zake zote, nikamwambia, "Basi mzee, mlee wewe, maana mshahara wake umeuchukua."

Mtoto akaanza kulia. Karani mkuu akainua mikono kama mtu aliyeona nyoka. "We mama! Mwondoe! Atakojolea hesabu!"

"Na akojolee. Hesabu yenyewe mbovu."

Nilikuwa mtunza duka wa shamba la mkonge upande wa Ngombezi, wakati wa Mwingereza. Nilisoma hadi sekondari, jambo ambalo mjini lingenipa marafiki, lakini pale lilininyima hata salamu. Makarani walinyamaza nikipita, kwa kuwa ni mwanamke. Wanawake wa kambini nao walinyamaza, kwa kuwa ni karani. Mume wangu alikwenda Dar es Salaam kutafuta kazi, na barua zake zikazidi kuwa fupi. Mama yangu alikuwa Kwedizinga, mbali. Jioni nilizungumza na mtoto, naye hajui kujibu.

Kanga ndiyo iliyonipeleka mbele ya meza ile. Kanga hununuliwa kwa doti, vipande viwili pamoja. Mfanyabiashara wa Kihindi wa mjini alituuzia doti moja shilingi tisa. Lakini wanawake wa kambini walikuwa hawamudu doti nzima. Walikuja wawili wawili, shoga na shoga, wakalipa nusu kwa nusu, nasi tukawakatia: huyu kipande, yule kipande. Waliondoka wakicheka, wamevaa jina moja la kanga. Mimi niliwakatia nikawatazama wakienda. Sikuwa na wa kugawana naye doti.

Kwa sababu hiyo mtunza duka aliyenitangulia alizoea kukata doti zote mapema na kuhesabu kwa vipande. Siku ya kunikabidhi duka alihesabu bidhaa, akaandika kwa mkono wake: sabuni miche 30, sukari ratili kadhaa, kanga 48, na pembeni ya 48 kijialama kidogo, v. Kisha akahamia Hale kwenye mitambo ya umeme. Karani mkuu ndiye aliyejaza upande wa thamani. Sabuni alifanya sawa: miche thelathini kwa bei ya kununulia, senti themanini mche, shilingi ishirini na nne. Kanga akachukua arobaini na nane, akazidisha kwa tisa. Shilingi mia nne thelathini na mbili.

Mwisho wa mwaka tulipohesabu tena, kila kitu kililingana isipokuwa kanga. Zilipungua doti ishirini na nne. Thamani yake shilingi mia mbili kumi na sita, nikatwe mimi, kumi na nane kila mwezi, mwaka mzima. Mshahara wangu ulikuwa tisini.

Nilimwendea karani mkuu mara nyingi kwa adabu. Shikamoo mzee, tafadhali mzee. Siku ile, mtoto analia mezani, nikavuta karatasi kutoka chini yake.

"Hii v ni vipande, mzee. Vipande arobaini na nane ni doti ishirini na nne."

"Hiyo ni tiki. Amehakiki."

"Mbona sabuni hakuihakiki? Mbona sukari haina tiki?"

"Kalamu iliteleza."

"Ikateleza kwenye kanga tu!"

"Binti, tarakimu ni tarakimu. Arobaini na nane ni arobaini na nane."

"Ukihesabu kwato arobaini na nane zizini, una mbuzi wangapi?"

Karani wa mishahara, aliyekuwa mlangoni, akajibu bila kuulizwa, "Kumi na wawili," kisha akainamisha kichwa. Ndilo neno pekee aliloniambia mwezi ule.

Karani mkuu akakunja karatasi. "Nenda ukanyonyeshe. Makato yanaendelea."

Nikamfunga mtoto mgongoni, nikatembea hadi Korogwe, Ofisi ya Kazi. Njiani hakuna aliyeniuliza ninakwenda wapi. Pale barazani nikaandika barua, mtoto akivuta kalamu, nikaipitisha dirishani mwenyewe:

"Kwa Bwana Ofisa wa Kazi. Mimi, mtunza duka, nalalamika kwamba ninakatwa mshahara kwa upungufu usiokuwapo. Kanga nilizokabidhiwa zilihesabiwa kwa vipande, zikathaminiwa kwa bei ya doti. Thamani ya haki ni doti 24 kwa Sh. 9/-, yaani Sh. 216/-, wala si Sh. 432/-. Ankara ya mwuzaji itaonyesha kuwa bei ni ya doti. Naomba karatasi ya makabidhiano iletwe mbele yako, na aliyeiandika aitwe kutoka Hale aseme kwa kinywa chake v ni nini. Naomba pia makato yasimamishwe na nilichokwisha kukatwa nirudishiwe. Nina mtoto mmoja na hapa sina ndugu. Nitasubiri jibu hapa hapa barazani."