Marahaba Iliyokatwa kwenye Biti

Ukiolewa na mtu anayetengeneza video za muziki hapa Masasi, jiandae kula na mtu anayegonga meza. Abuu anagonga moja, mbili, tatu, nne, na hiyo moja anaitia nguvu mpaka mchuzi unaruka. Nimeshasema nimechoka. Ananijibu, "Mama Esha, kwenye moja ndipo pa kukatia picha."

Safari hii wimbo ulikuwa wa Anjelina, binti wa Newala. Alilelewa na bibi yake, Bibi Paulina, akaondoka kuja kuimba huku Masasi, bibi hataki. Tangu hapo kila akienda nyumbani akapiga magoti kuamkia, bibi hugeuka akaendelea kuchambua kunde zake. Hamfukuzi wala hamtukani. Haitikii tu, na kwetu hilo ni zito kuliko matusi. Basi Anjelina akatunga wimbo wa kumwomba radhi, na kiitikio chake kinaanza na shikamoo.

Abuu aliusikiliza wiki nzima, akauchora kwenye karatasi na kuibandika ukutani, juu ya picha yetu ya harusi. Kwenye beti, kila picha ikae mizunguko miwili ya ngoma, mtu apate muda wa kusikia maneno. Kwenye kiitikio, mkato kila biti, yaani kila pigo la ngoma: magoti yanagusa chini, uso wa mzee, mikono, uso wa mzee mwingine. Baada ya kiitikio cha pili ngoma zinanyamaza mizunguko miwili, gitaa linabaki peke yake. Hapo akaweka picha ya droni ikipaa juu ya Shimo la Mungu, bonde lote la Ruvuma chini. Droni yenyewe aliiazima, na kwa siku kadhaa hakuongea kitu kingine.

Tulienda Newala kupiga picha. Bibi Paulina alikubali kukaa mbele ya kamera baada ya kubembelezwa sana na wanawe. Spika ilipiga wimbo kwa nguvu ili midomo ya Anjelina ilingane nao. Akapiga magoti, macho chini kama inavyotakiwa, akaimba shikamoo yake. Biti chache tu mbele alitakiwa awe kwa mzee wa pili, na Abuu akawa anampungia mkono aharakishe, wimbo usimwache. Akanyanyuka akakimbia. Nilijisemea, huyu mwanaume siku moja ataharakisha hata mazishi.

Kazi ilipokwisha, Anjelina alikuja nyumbani kuitazama. Mikato yote ilikaa kwenye biti, siwezi kumnyima haki yake. Lakini kila kiitikio kikija, binti anaamkia, uso wa bibi unatokea, umekatwa. Anjelina akafunika laptopu.

"Hata pale hakuniitikia," alisema. "Msiitoe hewani, Kaka Abuu. Newala nzima itaona."

Abuu, Mungu amsaidie, akadhani anaambiwa mikato mibaya. Akaanza kumweleza kwamba picha ya bibi ikirefushwa kidogo, mkato utaangukia katikati ya biti mbili na kiitikio kitachechemea. Binti analia, yeye anagonga meza moja, mbili, tatu, nne. Nilitamani kumpiga kwa mwiko.

Nikamwondoa Abuu kwenye kiti, nikafungua laptopu na picha yenyewe kabla haijakatwa. Kamera ilikuwa nyuma ya bega la Anjelina. Anapiga magoti, anaimba, ananyanyuka, anaondoka. Kamera ikabaki kwa bibi. Mkono wake ulikuwa umenyooka kutafuta kichwa ambacho hakipo tena, na midomo ikafunguka taratibu: marahaba. Sauti haikusikika kwa sababu ya kelele za spika, lakini neno hilo halifichiki mdomoni.

Nilimwambia Abuu atoe droni. Akasema hapo ndipo roho ya video ilipo. Nikamwambia roho ya video ni huyu mwanamke, na ngoma zikinyamaza hakuna biti ya kumharakisha. Akanuna. Akasimama mlangoni, akarudi, akapiga hesabu kwa vidole. Kisha akaifuta droni yake bila kuniangalia na kumweka bibi pale.

Sasa shikamoo inaimbwa kwenye kiitikio cha kwanza, inakatwa. Inaimbwa kwenye cha pili, inakatwa. Ngoma zinanyamaza, gitaa linabaki, mkono unanyooka, midomo inafunguka. Bibi anamaliza, ngoma zinarudi kwenye moja.

Anjelina aliomba irudishwe, tena na tena. Mwishowe akajitanda kanga yake na kuuliza gari la Newala linaondoka saa ngapi. Abuu akamwambia asubiri kidogo, video inamaliziwa, atakwenda nayo.

"Nimeshaiona," alisema Anjelina. "Nataka nikaisikie."