Kadi Sitini za Misa

Shangazi Eduvigis alikuwa akikunja tiketi yake ya bahati nasibu mara nne na kuificha chini ya kopo la sukari. Hakuiacha tabia hiyo hata siku moja, ingawa aliuza tiketi kibandani kwake mjini La Vega kwa miaka ishirini na mbili na kuona wachache mno wakishinda.

Mwanawe Eliseo alizikwa katika kijumba cha kukodi, tundu la jeneza kwenye ukuta wa makaburi. Baada ya miaka mitatu ilibidi kukinunua kwa peso elfu sitini, la sivyo mifupa ingehamishiwa shimo la wote. Shangazi hakuwa nazo.

"Cheza mchezo ule mkubwa, shemeji," Wilfrido alimwambia, akiegemea dirisha la kibanda. "Milioni tisini. Utanunua makaburi yote, pamoja na padri."

"Mkubwa unachagua namba sita kati ya arobaini na tisa. Mipangilio ni karibu milioni kumi na nne, wewe una mmoja. Mdogo ni tano kati ya thelathini na sita, mipangilio haifiki laki nne. Mara thelathini na saba nafuu."

"Na zawadi yake mboga tu."

"Milioni moja na laki mbili. Mimi nataka kijumba, sitaki ikulu."

Alijua pia kwamba zawadi kuu hugawanywa kwa tiketi zote zilizopata. Kila siku aliwakanya wateja: "Usicheze siku ya kuzaliwa, baba. Mwenzako naye kazaliwa."

Lakini wiki ya misa ya kumbukumbu ya mwaka wa tatu alicheza namba za Eliseo. Alizaliwa tarehe 14, mwezi wa 9. Akafa tarehe 3, mwezi wa tatu, akiwa na umri wa miaka 33. Kijumba namba 27.

Zilitoka zote tano.

Nilimkuta jikoni, kopo la sukari limepinduka, akilia na kucheka. Kesho yake ofisini walituambia tiketi zilizoshinda ni thelathini na moja. Fungu lake lilikuwa elfu thelathini na nane na ushee.

Kwetu namba za marehemu huchezwa. Na kwenye misa Shangazi mwenyewe aligawa kadi sitini za kumbukumbu, zenye tarehe zote, umri, hata namba ya kijumba, ili watu wasipotee wakipeleka maua.

Majirani walikuja mmoja mmoja kumkumbatia. "Eliseo katukumbuka, Bi Vige," walisema. Aliwapa kahawa. Hakumwambia yeyote kilichopungua, nami alinikataza.

Muda wa nyongeza ulipokwisha, mwezi wa kumi na mbili, mafundi walivunja plasta ya kijumba ili kuhamisha mifupa. Shangazi alisimama kando, ameshika kopo tupu la sukari. Alitaka kupewa japo mfupa mdogo wa kutia humo. Walikataa.

Baadaye akaugua, wala si kwa muda mrefu. Nilipomuuliza hospitalini anataka nini, alinivuta karibu.

"Kadi yangu ya misa andika jina tu, mwanangu. Namba usiweke hata moja."