Linki Iliyofika Getini

Mtu akikuambia kwamba fundi wa kona ile ni mpole, mkatalie. Fundi ana mdomo. Ukimpelekea kitambaa cha mita mbili ukataka gauni la mita tatu, atakutazama toka utosini hadi kisiginoni, akuulize unataka gauni au leso. Miaka ishirini yuko na cherehani ile ile, kwenye chumba kile kile cha mbele. Hakujaliwa kuzaa, na mume alipochoka kungoja alifungasha virago vyake. Watu walisema sana. Wacha waseme, ndiyo kazi yao.

Halafu akaletwa Kidoti.

Jina hilo alimpa Fundi mwenyewe, kwa ajili ya alama nyeusi iliyo juu ya mdomo wa mtoto. Afisa ustawi wa jamii alimleta akiwa na miaka minne, ana mfuko wa plastiki wenye gauni moja, akasema ni wiki mbili tu mpaka apatikane ndugu. Ndugu hakupatikana. Mama mzazi alikuwa amekwisha kufariki. Baba ndiye aliyemvunja mtoto mkono, si mara moja, mara mbili, na mahakama ilikuwa imempiga marufuku kumkaribia au kuambiwa anakoishi. Wiki mbili zikawa miaka mitatu. Siku za mwanzo Kidoti hakutaka kitanda, akawa analala chini ya meza ya kukatia nguo, na Fundi na mgongo wake mbovu akatandika mkeka wakalala pale pale. Wanaosema uchungu wa mwana aujuaye mzazi waje waniambie, ule ulikuwa uchungu wa nani?

Sasa zilikuwa zimebaki wiki sita. Mahakama ilikuwa imepanga siku ya kusikiliza ombi la Fundi la kumwasili Kidoti, awe mwanawe kisheria, asiwepo tena mtu wa kuja kusema ni wa muda. Afisa alimwambia aandae kitabu cha maisha, kama wanavyoandaliwa watoto wengi wa malezi: picha tangu siku aliyofika, na maneno machache chini ya kila picha, ili akikua ajue alikopitia.

"Ila sheria unaijua," afisa alimkumbusha. "Picha zake zisiende mtandaoni."

"Dada yangu, mimi hata kwenye profaili nimeweka picha ya cherehani!"

Na kweli alikuwa ameweka cherehani. Tatizo ni kwamba kwa Fundi mtandao ulikuwa kule tu ambako watu hujianika na kupeana pongezi. Ile huduma ya kuhifadhi picha hakuiita mtandao. Aliiona kama kabati: unapandisha picha zako, unachagua unazozitaka, wanakuchapia kitabu chenye jalada gumu, wanakuletea. Akapandisha picha mia mbili na kumi. Alikata beji ya shule kwenye kila picha iliyokuwa nayo, maskini, mpaka macho yakamuuma. Alifikiria kila kilichoonekana. Hakujua kwamba simu yake, kila ilipopiga picha, iliandika pia ndani ya picha hiyo mahali ilipopigiwa, na kwamba kabati lake lilikuwa linayatunza maandishi hayo vizuri tu.

Kuchagua kukamshinda. Kila picha aliiona haiachiki. Ndipo akabonyeza pa kushirikisha, simu ikampa linki, akamtumia mdogo wake wa kike: "Nisaidie kuchagua ya jalada. Usimwonyeshe mtu."

Mdogo mtu ana moyo safi, na moyo safi usio na breki ni hatari. Aliitupa linki kwenye kundi la ukoo, watu sitini na wanne, akaandika, "Jamani, tumsaidie dada kuchagua. Msisambaze!" Shangazi mmoja akampelekea jirani yake aone jinsi mtoto alivyonenepa, jirani akampelekea mwingine. Linki ile haikuwa na neno la siri. Haikumuuliza mtu yeye ni nani. Aliyeipata alifunguliwa, hata kama imemfikia kupitia mikono kumi.

Jumanne asubuhi, Kidoti yuko shule, mwanamume mmoja nadhifu alisimama getini akiwa na simu mkononi. Alisalimia kwa adabu zote.

"Karibu," alisema Fundi, pini zikiwa mdomoni. "Unashona au unarekebisha?"

"Namuulizia binti yangu. Hurudi kutoka shule saa ngapi?"

Fundi alizitema pini. Kwenye simu ya yule bwana aliona ramani, na juu ya ramani kidoti chekundu kikiwa kimekaa juu ya paa lake. Alilisukuma geti, akaweka komeo, akampigia afisa, namba akaikosea mara tatu. Polisi walipofika bwana alikuwa ameshaondoka. Afisa alipitia shuleni kwanza, akamchukua Kidoti, akaja naye.

"Nionyeshe hiyo linki," afisa alisema baada ya Fundi kumsimulia alivyomtumia mdogo wake picha, wakiwa wawili chumba cha mbele, mtoto akila chumba cha ndani.

Aliifungua kwenye simu yake mwenyewe, simu ambayo haijawahi kuona picha hata moja ya Fundi. Ikafunguka. Akaigusa picha moja kutazama maelezo yake: tarehe, saa, ramani.

"Nitaifuta! Nazifuta zote sasa hivi!"

"Futa. Linki itakufa. Lakini alizokwisha kuzipakua yule baba ziko kwake, na za wengine ziko kwa wengine. Hizo hatuzifikii."

Maji yakimwagika hayazoleki. Fundi alijua methali hiyo tangu utoto, na siku ile aliichukia.

"Basi nahama. Leo hii. Nauza cherehani, nahama naye."

Afisa alikuwa analia, na hakujificha. "Dada, anaijua sura yako. Anaijua kazi yako, mdogo wako, kanisa mnalosali. Picha zimemwambia yote. Mtoto akiwa na wewe, kukupata wewe ni kumpata yeye. Ataondoka leo. Na wewe siwezi kukuambia anakwenda wapi."

"Na mahakamani? Wiki sita!"

"Ombi litasimamishwa."

"Mpaka lini?"

Fundi, mwenye mdomo wa kunyoa watu bila wembe, alikaa sakafuni, katikati ya vipande vya kitambaa, akalia kwa sauti kama aliyefiwa.

Alipoweza kusimama alinawa uso, akaenda kufungasha nguo za Kidoti. Zilijaa masanduku mawili. Zote alizishona yeye.

Mtoto alimtazama kutoka mlangoni. "Nimefanya nini, mama?"

"Hujafanya kitu, mwanangu."

"Mbona nahamishwa?"

Fundi angeweza kudanganya. Watu wazima tunajua kudanganya watoto. Lakini alijua mtoto huyu ataubeba uongo huo na kujilaumu maisha yake yote, akapiga magoti mbele yake. "Mimi ndiye niliyekosea. Nilitoa picha zako, zikamwonyesha baba yako nyumba yetu. Si wewe. Ni mimi. Sawa?"

Kidoti alifikiri. Kisha akamshika mkono, akamvuta kuelekea chumba cha mbele, aliko afisa.

"Twende basi," alisema. "Mwambie samahani, ili nibaki."