Maneno ya Mlinzi wa Ghala

Kosa langu la mwanzo kazini lilikuwa kuandika kumbukumbu za vikao safi kupita kiasi. Nilikuwa karani wa ushirika wa wavuvi Liwatoni, na nilikuwa nimejifundisha mtindo mmoja tu: kazi, mhusika, siku ya mwisho. Kikao cha nidhamu cha mlinzi wa ghala la barafu kilichukua saa mbili. Mimi nikaandika mstari mmoja: "Mlinzi aachishwe kazi, karani ampe barua kufikia Ijumaa."

Mlinzi yule, mzee wa watu, akakata rufaa. Alikuja mezani kwangu, akaisoma karatasi mara mbili.

"Mwanangu, niliyoyasema yako wapi?"

"Sikuyaandika, mzee."

"Kumbe siku ile nilikuja kupunga upepo."

Kamati ya rufaa haikuwa na la kupima, ikaamuru asikilizwe upya. Alikaa miezi miwili bila kazi akisubiri kikao hicho. Miezi hiyo nilikula chakula cha mchana peke yangu, kwa haya.

Siku hizi mimi huuliza kwanza kumbukumbu ni za nini. Mkutano wa wafanyakazi naandika kazi na mhusika. Wa bodi, maamuzi na sababu zake. Kikao cha nidhamu, neno kwa neno.