Salamu Nyingi, Mkataba Hakuna

Kazi ile niliikubali nikiwa nimesimama katikati ya majora ya mapazia, simu sikioni na mkasi mkononi. Afisa rasilimali watu wa kampuni moja ya vifaa vya hospitali, huko Upanga, aliniambia nimepita usaili na wananitaka niwe mtunza stoo wao. Akanitajia mshahara, akasema nitaanza tarehe mosi. "Unakubali, dada?" Nilisema nakubali kabla hajameza mate. "Basi mkataba nakutumia wiki hii. Usaini, uturudishie."

Mtu mwenye akili zake angesubiri karatasi. Mimi jambo la furaha halikai tumboni. Jioni ileile nilimfuata bosi wangu, mzee mwenye duka la mapazia Kariakoo ambaye nilikuwa nimemfanyia kazi miaka tisa, nikamwambia naondoka mwisho wa mwezi. Aliniombea heri, kisha akafanya ambalo mfanyabiashara yeyote angefanya. Jumatatu iliyofuata alimleta mpwa wake, mama wa watoto wawili, achukue nafasi yangu. Nikaanza kumfundisha.

Wiki ikaisha, mkataba haukuja. Ikaja ya pili. Nikawa naamka na simu, nakunywa chai na simu. Nikipima kitambaa, jicho moja liko kwenye futi na jingine kwenye kioo cha simu, hadi nikamkatia mteja wa Ilala pazia fupi kuliko dirisha lake. Mpwa wa bosi alikuwa anashika kazi haraka mno, na nakiri hilo lilinichukiza. Kila alichokijua kilikuwa kimetoka kwangu, na sikuwa na pa kwenda.

Si kwamba sikufuatilia. Nilifuatilia, tena karibu kila siku, ila kwa adabu niliyofunzwa nyumbani, kwamba mtu humvamii na shida yako kabla hujamjulia hali. Asubuhi namwandikia yule afisa: "Habari za asubuhi kaka, natumaini umeamka salama." Anajibu: "Salama dada, za kwako?" Nami: "Nzuri, nashukuru Mungu." Hapo nakaa nangoja, nikiamini mtu mzima anajua kwa nini namsalimia. Yeye naye ananyamaza. Kesho yake tunaanza upya. Mara moja tu nilijikaza nikampigia, akasema mkataba uko kwenye mchakato. Nikamshukuru sana, sijui nilimshukuru kwa lipi.

Zikiwa zimebaki siku tano mwezi uishe, bosi alinikuta nakunja sampuli.

"Mwanangu, tarehe mosi hii unaanza kule, siyo?"

"Naanza, mzee."

"Maana ufunguo wa stoo nataka nimkabidhi mwenzio."

Nikautoa. Nilikuwa na miaka tisa na ufunguo ule. Nikaomba ruhusa ya saa mbili, nikapanda bajaji hadi Upanga.

Kwenye ofisi ile nilijaza daftari la wageni, nikakalishwa kwenye kiti cha plastiki, nikainuka, nikakaa, mlinzi akaniuliza kama naumwa. Alitoka dada mmoja mwenye miwani, akajitambulisha kuwa ndiye afisa rasilimali watu.

"Namtafuta kaka aliyenipigia kuhusu kazi ya stoo," nikasema.

"Huyo aliacha kazi. Ana wiki mbili sasa."

"Lakini Ijumaa iliyopita tumeandikiana meseji."

"Alikwambiaje?"

Alikuwa ameniambia salama.

Hakuwa mtu mbaya yule dada. Aliingia ndani, akarudi na jalada langu. Ndani yake mlikuwa na barua yangu ya maombi, nakala za vyeti na karatasi ya alama za usaili, ambako nilikuwa wa kwanza. Barua ya ofa haikuwamo, na hapakuwa na mstari hata mmoja unaosema nilipigiwa simu nikakubali.

"Nioneshe meseji aliyokuandikia kuhusu kazi," akasema. "Nikipata hata moja, naipeleka kwa mkurugenzi."

Nikampa simu. Akaanza kupandisha juu kwa kidole. Habari za asubuhi. Salama. Habari za mchana. Salama dada. Ijumaa njema. Nawe pia. Alipandisha hadi mwanzo, kidole kikazidi kwenda polepole. Karibu mwezi mzima wa maandishi, na neno kazi halimo, mkataba haumo, tarehe haimo. Nilitamani sakafu inimeze. Niliona haya kuliko hata siku ya usaili, maana sasa ilikuwa wazi kwamba mtu pekee aliyesikia ahadi ile ni mimi, na kwamba nilikuwa nimeshautoa ufunguo.

"Dada," akasema, akinirudishia simu, "mimi siwezi kumpelekea bosi maneno ya alisema. Niandikie barua. Nani alikupigia, lini, alikuahidi nini, ulijibu nini. Na useme unataka jibu kabla ya siku gani."

Nilirudi Kariakoo moja kwa moja hadi steshenari ya jirani yetu. Mchapaji alianza kwa mazoea yake, "Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima wa afya."

"Toa hiyo," nikamwambia.

"Si salamu tu, dada?"

"Toa. Nimeshamsalimia vya kutosha."

Tukaandika tarehe ya simu, saa, cheo, mshahara, siku ya kuanza. Tukaandika kwamba nimeshamwarifu mwajiri wangu na nafasi yangu ina mtu, na kwamba naomba mkataba au jibu la hapana ndani ya siku tatu. Nakala mbili. Kabla ofisi hazijafungwa nilikuwa Upanga tena, na sikuondoka pale mapokezi hadi nakala yangu ilipogongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.

Siku tatu zile sikulala wala sikuamka sawasawa. Mkataba uliingia kwenye barua pepe siku ya tatu mchana. Tarehe ya kuanza ilikuwa imesogezwa hadi kumi na tano, na mlikuwa na miezi sita ya majaribio ambayo hakuna aliyenitajia kwenye simu. Nikapiga kuuliza, mara hii nikianza na swali. Dada wa miwani akasema ni kwa waajiriwa wote wapya. Nikauchapisha, nikausoma wote juu ya meza ya kukatia, nikasaini kila ukurasa.

Bosi alikuja akavaa miwani yake, akausoma naye, polepole, ukurasa kwa ukurasa, mpwa wake akichungulia begani.

"Saa za kazi wameandika," akasema. "Likizo wameandika. Hata ukiumwa wameandika." Akauweka mezani, akaulainisha kwa kiganja. "Miaka tisa, mwanangu. Mbona mimi hukuwahi kuniomba?"

Ningeweza kumjibu kwa utani, na miaka yote ile ndivyo tulivyozoeana. Lakini siku ile ulimi wangu ulikuwa umeshachoka na adabu.

"Nilikuonea haya, mzee. Kila asubuhi nilikuamkia shikamoo, nikangoja."

Alivua miwani, akaifuta kwa kipande cha pazia, akaivaa tena. Kisha akamgeukia mpwa wake, akamwambia aende steshenari akaulize kama mchapaji bado yupo, maana naye ana mkataba wa kuandikiwa.